Herufi Chini ya Stika

Nyumbani kwa mdogo wangu, mjini Koboko, biskuti hailiwi kabla haijapigwa picha. Mgeni asiyejua habari zetu hudhani ni mbwembwe za simu, kwamba siku hizi hata chai lazima ionyeshwe kwa watu. Anaona pakiti imelazwa kifudifudi mezani, mama wa nyumba anaipiga picha nyuma, mbele na ubavuni, na watoto wamekaa kimya wakiitazama. Kisha wote wanasubiri. Anayesubiriwa ni mimi, niliye Arua, karibu na Onduparaka, nyuma ya cherehani ninayoshonea sare za shule, miwani ikiwa imenishuka hadi ncha ya pua.

Mwenye shida ni binti yao mdogo, mtoto wa darasa la kwanza, ambaye mimi ni mama yake mkubwa. Jinati inamkataa. Jinati ndiyo karanga, na kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kumwambia mtu kwamba karanga inamkataa mtoto ni sawa na kumwambia kwamba maji yanamkataa. Karanga ya kusaga iko kwenye mboga, iko kwenye uji, iko kwenye zawadi unayobeba ukienda kuona mzazi. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilikasirika kabisa. Nilisema watoto wa siku hizi wanadekezwa, nikasema mengine pia ambayo hayafai kuandikwa.

Kisha nikamwona kwa macho yangu. Tulikuwa tumekwenda Abuku, kwa marafiki wa baba yake waliokuwa wakivuna, nasi tukapewa mboga kwa ukarimu. Mtoto alikula kijiko kimoja cha bakuli la jirani yake. Midomo ilivimba, shingo ikajaa vipele, halafu sauti ikaanza kupotea, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hii haikuwa deko. Baba yake alimpakata kwenye boda hadi hospitali, mimi na mama yake tukifuata kwenye boda ya pili, tukila vumbi. Walimchoma sindano pajani. Tulipofika alikuwa anapumua, na kila pumzi yake niliisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango.

Daktari alitueleza polepole. Hata chembe inatosha. Msimjaribu kwa kumpa kidogo mkaona. Na kila kitu cha pakiti someni maandishi yake, si mara moja tu bali kila mnaponunua, kwa sababu kiwanda kinaweza kubadilisha mambo na sura ya pakiti ikabaki ileile.

Mdogo wangu anajua kusoma kunishinda. Lakini tangu siku ile, akishika pakiti, herufi zinamkimbia. Anasoma mstari mmoja mara kadhaa na hauamini. Ndiyo maana picha zinakuja kwangu. Alisema, "Dada, wewe unaona hata uzi uliokatika ndani ya pindo. Nisomee." Nikakubali, huku nikinung'unika, kwa sababu mimi hunung'unika hata ninapopewa zawadi.

Basi nikajifunza kazi ambayo sikujua ipo duniani. Karatasi ya biskuti inang'aa, kwa hiyo picha ipigwe kivulini, la sivyo mwanga unafuta nusu ya mstari. Mikunjo inyooshwe kwa kidole. Mahali pakiti ilipounganishwa nyuma kuna kipindo, na watu wa kiwandani hupenda kuandika karibu nacho, kwa hiyo kipindo nacho kiinuliwe. Picha ikifika ninaivuta kwa vidole viwili hadi herufi zinakuwa kubwa. Kwanza natafuta orodha ya vilivyotiwa ndani, na humo natazama maneno yaliyokolezwa wino: ngano, maziwa, soya, mayai. Hivyo ndivyo vinavyojulikana kuwasumbua watu, na vimekolezwa makusudi ili jicho lisivipite. Kisha natafuta mstari unaoanza na "Ina". Kisha, na huu ndio mstari ulionifanya niache kunung'unika, natafuta unaoanza na "Huenda ina".

Nilipoukuta mara ya kwanza sikuuelewa. Nilidhani ni uvivu wa mwenye biskuti. Mtu anapika kitu halafu hajui alichotia? Mimi nikishona sketi siwezi kumwambia mteja kwamba huenda ina mfuko. Lakini nilipouliza hospitalini, muuguzi alinieleza kwamba hawakutia karanga kabisa. Ila mashine iliyopika biskuti hii asubuhi, jioni inaweza kupika nyingine yenye karanga, na hata ikisafishwa, chembe inaweza kubaki kwenye kona ikaingia mahali isipoalikwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda anaandika: sikutia, lakini siwezi kukuapia. Akaongeza kwamba katika nchi nyingi hakuna sheria inayomlazimisha kuandika hivyo, kwa hiyo mstari huo ukikosekana usifikiri umehakikishiwa. Kwa mtoto wetu, alisema, "Ina" na "Huenda ina" ni kitu kimoja: asile.

Nilirudi nyumbani nikiwaza maneno hayo njia nzima. Sisi Arua tunaishi na watu wanaoapa. Muuza kitambaa anaapa hakichuji, fundi simu anaapa kioo ni halisi. Na huko mbali kuna mtu mwenye kiwanda kikubwa, mwenye fedha na mashine, anayeandika kwenye mali yake mwenyewe kwamba hana hakika. Niliona ajabu sana, na mpaka leo naona ajabu.

Sasa nifike kwenye siku ya Idi.

Mdogo wangu aliolewa kwa Wanubi wa Koboko. Sisi ni Wakristo wa Arua, lakini Idi ya kwao tunaila bila aibu, na Krismasi ya kwetu wanaila vivyo hivyo. Mwaka huo nilibaki Arua kwa sababu ya sare, shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Asubuhi ya Idi watoto huzunguka nyumba za jirani kusalimia, na kila nyumba ina sinia la vitu vitamu. Mtoto wetu huzunguka na wenzake, hunyoosha mikono, hupokea, kisha humpa mama yake vyote bila kulia. Mikono hunawa kwa sabuni akirudi. Kwake, Idi ni siku ya kupokea na kukabidhi.

Mchana huo mgeni alileta nyumbani kwao biskuti za kakao. Mgeni mwenyewe ni mfanyabiashara, mtu anayevuka mipaka yote miwili, ya Kongo na ya Sudan Kusini, kama mtu anayevuka ua. Zilikuwa biskuti nzuri, nyeusi, zenye krimu katikati. Wasichana wa nyumba, kwa furaha ya sikukuu, walizifungua na kuzipanga kwenye sinia kabla ya picha. Mtoto alipoziona alisimama kando ya sinia, mikono nyuma, akamwambia mama yake, "Mama, hii usipeleke. Uliza mama mkubwa kwanza. Hii inanuka chokleti tu, jinati haiko." Aliitaka biskuti ile. Kuna vitu vingi alikuwa amevikabidhi siku hiyo, na hiki alikitaka kiwe chake, mezani kwao, pamoja na wenzake.

Picha ikanifikia. Nilikuwa natia vifungo kwenye shati, na nje vijana wa mpira walikuwa wanapita na ngoma zao wakielekea uwanjani. Niliivuta picha kwa vidole. Kulikuwa na stika nyeupe safi, ya Kiingereza, iliyobandikwa na waliozileta huku: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, kakao, maziwa ya unga, soya. Chini yake: "Ina ngano, maziwa, soya." Basi. Hakuna karanga, na hakuna "Huenda".

Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Ngano, maziwa na soya mtoto wetu anakula kila siku. Nikaanza kuandika, "Mpe mtoto, ale." Nilikuwa nimeandika "Mpe" wakati nilipoona kona ya stika.

Mshonaji akiona kiraka hutaka kujua kinaficha nini. Stika ilikuwa imebandikwa upande kidogo, na chini ya ukingo wake zilichungulia herufi za Kiarabu, vichwa tu, miili yao ikiwa imezikwa. Karatasi yenyewe, basi, ilikuwa na maneno yake kabla ya stika. Na sisi huku tuna tabia moja: kilichoandikwa Kiingereza tunakiamini, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi, na kilicho chini yake tunakiona ni urembo. Nilifuta ile "Mpe".

Nilijaribu kwanza programu ya simu inayotafsiri picha. Ilinipa maneno mawili yasiyo na kichwa wala miguu, moja lilihusu mahali pakavu. Huwezi kuilaumu, nusu ya mstari haikuonekana. Nikapiga simu Koboko.

"Usimpe bado," nilimwambia mdogo wangu. "Karatasi iko wapi?"

Nilisikia vikombe, watoto, redio ya jirani.

"Dada, karatasi wametupa. Wasichana walisafisha hapa yote, wakatia kwa moto ya chai."

Bila karatasi hakuna jibu, na bila jibu hakuna biskuti, na kwa mtoto yule "hakuna" nyingine siku ya Idi ilikuwa inaniuma mimi kuliko yeye. Nilijikuta nasema, kwa hasira ambayo haikumhusu mtu, kwamba biskuti zenyewe zinanuka chokleti tu. Nilisema maneno ya mtoto wa darasa la kwanza, mimi mzima na miwani yangu.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe wake, yule ambaye watoto wanamwita haboba, maana yake bibi kwa Kinubi.

"Karatasi gani? Ya biskuti? Ile iko kwangu."

Lazima nieleze. Haboba hachomi wala hatupi karatasi yenye herufi za Kiarabu. Ni adabu waliyofundishwa chuoni, kwenye madrasa, tangu utoto: herufi hizo ndizo zilizobeba Kitabu, huenda mahali fulani jina la Mungu limo, basi hazikanyagwi na haziingii jalalani. Wengi wa kwao wana adabu hiyo kwa magazeti na vitabu. Yeye anaifanya kwa kila kitu, boksi la majani ya chai, mfuko wa tende, karatasi ya sabuni. Ana bati la biskuti la zamani limejaa takataka hizo zilizokunjwa vizuri. Nilikuwa nikimtania kila nikienda. Namwambia, "Mama, hapa umetunza bei ya sabuni." Naye hunijibu, "Wewe unajua kusoma yake? Kama hapana jua, wacha ikae." Siku hiyo alikuwa ameiokota karatasi sakafuni kabla wasichana hawajafika nayo motoni.

Nilimwomba mdogo wangu aishike juu ya mvuke wa birika, gundi ilainike, kisha abandue stika taratibu kuanzia kona. Simu waliiweka mezani, sauti wazi. Nilisikia birika, nikasikia pumzi za watu walioinama pamoja. Mtoto alikuwa anauliza, "Imetoka? Imetoka?" Nilijua amesimama vipi, mikono nyuma, asije akaigusa.

"Imetoka," alisema mdogo wangu. "Iko mistari chini. Kidogo sana, dada."

Wakati anapiga picha nyingine, haboba hakusubiri. Aliichukua karatasi akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Hajui Kiarabu cha vitabu. Anajua kusoma Kurani, yenye alama zake zote za kumwongoza ulimi, na herufi za biskuti hazina alama hata moja, ziko uchi. Alisoma kama mtu anayepita gizani katika chumba cha mwenzake. Mengi aliyakosea, akarudi nyuma, akanung'unika. Kisha akafika mahali akaanza kutaja herufi mojamoja.

"Alifu. Lamu. Fe. Wau. Lamu." Akarudia, safari hii akiziunganisha. "Al-ful."

Mimi si wa chuo, lakini nimenunua vitu soko la Koboko miaka mingi. Wanawake wenye mabeseni, wale wanaosema Kiarabu cha Juba, wanaita siku nzima, "Ful, ful." Kwenye mabeseni yao iko karanga.

"Mama," nilisema, "kuna neno lingine baada yake?"

"Iko." Akachelewa. "As-sudani." Akalisema tena, taratibu, neno la babu zake walioshuka na bunduki kutoka Sudani wakiwa askari. "Ful sudani. Hii ni jinati, mwanangu. Hapa wameandika jinati."

Picha mpya ilikuwa imeingia kwenye simu yangu, safi, imepigwa kivulini kama nilivyowafundisha. Niliiweka kwenye programu ile ya kutafsiri, nami nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya cherehani. Mara hii ilisoma mstari mzima. "Huenda ina chembe za karanga." Haboba mlangoni na programu ya simu, wasiofahamiana kabisa, walikuwa wamesema jambo moja.

Mstari huo ulikuwa umesafiri kutoka kiwandani, umevuka nchi ambazo sitaziona, umefika Koboko, na mtu mmoja mwenye haraka ameufunika kwa stika aliyoiona inatosha, kwa sababu aliandika vilivyotiwa ndani akaacha visivyotiwa. Sidhani alikuwa mbaya. Nadhani alidhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba "huenda" si habari.

Haboba ndiye aliyeondoa sinia. Alilifunika kwa kitambaa akampa jirani asiye na mtoto mdogo, akaamuru kila mtoto aliyekwisha kuonja anawe mikono na mdomo, na meza ikafutwa kwa sabuni. Wasichana walinuna. Mdogo wangu alikuwa analia, nikamwacha alie, maana kilio hicho kilikuwa cha kitu ambacho hakikutokea, na hicho hakina madhara.

Mtoto hakulia. Aliomba simu. Nikamsikia akisogea nayo mbali na wenzake, akaishika karibu mno na mdomo, kama wanavyofanya watoto.

"Mama mkubwa. Biskuti iko na jinati?"

"Huenda, mwanangu. Wao wenyewe hawana hakika. Ndiyo maana wameandika."

Akafikiri. Nilisubiri aseme ni uonevu, nami nilikuwa tayari kukubaliana naye. Nilikuwa hata nimeanza kupanga nitamtafutia nini Arua, pakiti ipi niliyokwisha kuisoma pande zote.

"Watu ya biskuti wananijua?"

"Hapana. Wako mbali sana. Hawajui hata Koboko iko wapi."

"Sasa wameandikia nani?"

Swali hilo nilikuwa nalo tangu siku ile ya muuguzi, ila sikuwahi kuliuliza kwa maneno machache hivyo. Nilitazama picha kwenye kioo, ule mstari mdogo kuliko mshono wa kola. Kuna mtu ameketi mahali, amefikiri kwamba miongoni mwa wote watakaofungua pakiti hii, yuko mmoja. Hakujua ni nani, wala dini yake, wala mlango wa nyumba yao. Akamwekea nafasi kwenye karatasi.

"Wameandikia mtu mmoja," nilimwambia, "mahali popote alipo, ambaye jinati inamkataa."

Nyuma yake haboba alikuwa anainyoosha karatasi kwa kiganja, nilisikia inavyolia, kisha kifuniko cha bati kikifungwa.

"Basi mutu huyo ni mimi," alisema mtoto. "Mwambie asante."